Kabla Hujapakia Sura Yako: Mwongozo Kamili wa Kusoma Masharti ya Huduma za Kubandika Sura

Kila mara ninapoandika kuhusu huduma za kubandika sura, zile unazopakia picha yako zikakurudishia ukiwa umevaa mwili wa mwigizaji au bibi harusi wa kifalme, majibu yanayokuja ni yale yale. "Mimi nilisoma masharti, wamesema wanafuta picha baada ya saa 24." Ukiwauliza wanafuta picha ipi, kimya. Wengi wanaanguka hapo hapo, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Nitautembeza kwa kisa kimoja. Mwaka jana kamati ya kitchen pati ya binamu yangu ilitengeneza picha za utani za wanakamati wote kwa huduma moja ya mtandaoni, ambayo sitaitaja jina. Mama mdogo, ambaye hakuulizwa, alijikuta kwenye kundi la WhatsApp akiwa na sura yake mwenyewe juu ya gauni lisilo na mabega. Hakucheka. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, wewe si unajua mambo ya simu? Nitolee hiyo picha huko ilipo." Kazi hiyo ilinifunza mengi kuliko miaka ya kusoma sera za faragha kwa kujifurahisha.

## Unachohitaji

- Simu au kompyuta yenye kivinjari. Kompyuta ni nafuu zaidi kwa macho.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa, masharti yameandikwa yakuchoshe.
- Dakika 30 zisizo na haraka.
- Anwani ya baruapepe ya pembeni, ambayo haina jina lako kamili wala haihusiani na benki.
- Picha moja ya majaribio ambayo si ya mtu aliye hai. Mimi hutumia Mona Lisa. Programu nyingi humtambua kama uso wa kawaida, naye hana wa kumlalamikia.

## Kwanza elewa: picha moja huzaa vitu vitatu

Ukibonyeza kitufe cha kupakia, kinachosafiri ni picha yako nzima, ikiwemo ukuta wa nyuma, mtoto aliyekaa pembeni na sare ya kazi. Hicho ni kitu cha kwanza: picha ya asili.

Seva ikiipokea hutafuta uso, kisha huugeuza kuwa orodha ya namba. Mfumo mmoja unaotumika sana kwa kazi hii hutoa namba 512 kwa kila uso. Namba hizo ndizo zinazobeba ule "wewe" na kuupeleka kwenye mwili mwingine. Hivyo ni vipimo vya sura, na ndicho kitu cha pili. Njia ya kuzipata ni ile ile inayotumiwa na mashine za kutambua watu: ukipewa namba za picha mbili, unazilinganisha na kujua kama ni mtu mmoja. Picha ya asili inaweza kufutwa na vipimo vikabaki, na vipimo hivyo hubaki na uwezo wa kukutambua kwenye picha nyingine. Nywila ikivuja unaibadilisha. Uso huna wa akiba.

Kitu cha tatu ni matokeo, yaani ile picha iliyobandikwa. Hiyo mara nyingi huhifadhiwa mahali tofauti na picha ya asili, kwa muda tofauti, kwa sababu huduma inataka uweze kurudi kuipakua au kuisambaza.

Andika vitu hivi vitatu kwenye karatasi yako, kimoja chini ya kingine, na uache nafasi mbele ya kila kimoja: picha ya asili, vipimo, matokeo. Kazi yote inayofuata ni kujaza nafasi hizo.

## Hatua ya 1: Jua picha inaenda wapi na mwenye duka ni nani

Kama ni programu ya simu, fanya jaribio hili kwanza. Ipakue, iweke simu kwenye hali ya ndege, kisha ujaribu kumbandika Mona Lisa. Ikikubali bila mtandao, kazi inafanyika ndani ya simu yako na hatari imepungua sana. Ikikwama, picha inakwenda kwenye seva. Angalizo: kufanya kazi bila mtandao hakuthibitishi kwamba programu haitatuma kitu mtandao ukirudi. Kwa hiyo bado utasoma masharti, ila kwa moyo uliotulia kidogo.

Tovuti hazihitaji jaribio hilo. Chukulia kwamba picha inakwenda kwao.

Sasa shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa huduma. Unatafuta nyaraka mbili, si moja: `Privacy Policy` na `Terms of Service` (nyingine huandika `Terms of Use`). Watu husoma ya kwanza tu. Ya kwanza hueleza wanachofanya na taarifa zako. Ya pili hueleza ruhusa unayowapa wewe. Mara nyingi ya kwanza inaongea kwa upole, kisha ya pili inachukua kila kitu.

Kwenye nyaraka hizo tafuta jina la kampuni, nchi iliyosajiliwa, na anwani ya kuwasilisha malalamiko. Ukikuta anwani ya baruapepe ya bure bila jina la kampuni, funga ukurasa. Hakuna haja ya kuendelea na hatua nyingine, kwa sababu hata masharti yakiwa mazuri namna gani, huna mtu wa kumshikia.

Roboti za Telegram zinazobandika sura ziko kwenye kundi hilo mara nyingi. Unaona mazungumzo ya kawaida, lakini kila picha unayotuma inamfikia mwenye roboti, naye anaweza kuihifadhi kwenye kompyuta yake. Ukifuta mazungumzo upande wako, nakala yake haiguswi.

Umefanikiwa kama: una kurasa mbili zimefunguliwa, jina la kampuni, nchi yake, na anwani ya kuandikia.

## Hatua ya 2: Ipasue ahadi ya kufuta

Hapa ndipo kila mtu anapoangukia, kwa hiyo tukae.

Usisome ukurasa mzima. Tafuta neno. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F. Kwenye Chrome ya simu gusa vitone vitatu kisha `Find in page`. Kama ukurasa una vichwa vinavyofunguka ukivigusa, vifungue vyote kwanza, maana vilivyofungwa vinaweza kurukwa na utafutaji. Sitakushauri utegemee tafsiri ya kivinjari kwa kazi hii, kwa sababu vineno vidogo ndivyo vinavyopotea, na ndivyo tunavyovihitaji. Bakiza Kiingereza, tafuta maneno machache haya, moja moja:

```
delete
retain
hours
days
face
facial
biometric
```

Kila neno likipatikana, soma sentensi nzima na ile inayofuata. Kisha jiulize swali moja: sentensi hii inaongelea kitu kipi kati ya vitatu vyangu?

Ile huduma ya kamati yetu ilikuwa na sentensi nzuri juu kabisa ya ukurasa wake: picha ulizopakia hufutwa ndani ya saa 24. Nikaandika "saa 24" mbele ya picha ya asili. Nikaendelea kutafuta. Chini sana, chini ya kichwa kinachohusu akaunti, nikakuta kwamba kazi ulizotengeneza hubaki kwenye hifadhi yako hadi utakapozifuta mwenyewe. Kazi ulizotengeneza ndiyo matokeo. Wanakamati wetu hawakuwa na akaunti. Walitumia huduma kama wageni. Sasa mgeni asiye na akaunti atafutaje? Nikaandika "hakuna ukomo" mbele ya matokeo. Kisha nikatafuta `face` na `biometric`. Neno la pili halikuwepo kabisa. La kwanza lilikuwepo kwenye jina la bidhaa tu. Mbele ya vipimo nikaandika "kimya".

Kimya usikisome kama ndiyo wala kama hapana. Kampuni inaweza kuwa inatupa vipimo sekunde ile ile kazi inapoisha, kwa sababu kuvitengeneza upya ni rahisi. Lakini hujaahidiwa. Huduma iliyoandikwa vizuri hutaja vipimo kwa jina, hueleza kwamba hutumika kwa kubandika tu na si kutambua mtu, na hutaja muda wa kuvifuta.

Angalia pia vineno vinavyolegeza ahadi. Julai 2019, programu ya FaceApp ya Urusi ilipovuma duniani kwa kuzeesha watu, wenye kampuni walitoa maelezo kwamba picha nyingi hufutwa kwenye seva zao ndani ya saa 48. Neno la kulitazama hapo ni "nyingi". Saa 48 ni ahadi. "Nyingi" ni mlango wa nyuma. Kwa Kiingereza utaona `most`, `generally`, `may` na `as long as necessary`. Hili la mwisho lina maana ya "kwa muda tutakaoona unafaa", na anayeona ni wao. Ukilikuta mbele ya kitu chochote kati ya vitatu, kiandikie "hakuna ukomo".

Kuna kitu cha nne ambacho hakionekani kwenye karatasi yako bado. Tafuta `train` na `improve`. Maneno haya hueleza kama picha yako itatumika kufundishia mfumo wao. Mfumo ukishafundishwa, kufuta picha hakuuondolei ulichojifunza. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na kampuni ya Everalbum, iliyokuwa na programu ya kuhifadhi picha iitwayo Ever. Tume iliilalamikia kwamba iliwaahidi watumiaji kuwa wakifunga akaunti picha zao zitafutwa, lakini ikaendelea kuzishikilia. Amri iliyotoka haikuishia kwenye picha: kampuni ilitakiwa kufuta picha za waliofunga akaunti, vipimo vya sura vilivyochukuliwa bila ridhaa, na pia mifumo iliyotengenezwa kwa kutumia picha hizo. Wanasheria wa Tume waliona kwamba picha, vipimo na mfumo ni vitu tofauti, na kila kimoja kikahitaji sentensi yake. Nawe isome sera vivyo hivyo.

Huduma nyingine hukuruhusu kukataa kufundishia, kwa swichi iliyo kwenye mipangilio. Ikiwepo, izime kabla ya kupakia picha ya kwanza. Ukiizima baadaye, kwa kawaida inazuia za mbele tu.

Umefanikiwa kama: karatasi yako ina jibu mbele ya kila kitu: muda uliotajwa, "hakuna ukomo" au "kimya". Mimi nikipata "kimya" mbele ya vipimo na "hakuna ukomo" mbele ya matokeo, siweki uso wa mtu yeyote.

## Hatua ya 3: Pima ruhusa unayotoa

Hamia kwenye `Terms of Service`. Tafuta herufi hizi tano tu: `licen`. Usimalizie neno, kwa sababu Waingereza na Wamarekani huliandika tofauti, na herufi tano zinanasa yote.

Utakuta aya inayosema unaipa kampuni ruhusa ya kutumia ulichopakia. Usishtuke kwa kuiona; bila ruhusa fulani hawawezi hata kunakili picha yako kwenye seva ili waibadilishe. Kinachopimwa ni urefu wa kamba. Maneno ya kutazama ni haya:

`perpetual` ni ya milele. `irrevocable` ni kwamba huwezi kuiondoa ruhusa ukishaitoa. `sublicensable` ni kwamba wanaweza kumpa mtu mwingine ruhusa ile ile, na yeye akampa mwingine. `transferable` ni kwamba ruhusa inaweza kuhamia kwa atakayeinunua kampuni. `likeness` ni sura na mwonekano wako wenyewe, siyo faili la picha tu.

Yakikutana yote kwenye aya moja, umewapa uwezo wa kuweka uso wako kwenye tangazo bila kukuuliza wala kukulipa. Hilo si jambo la kufikirika. Mwishoni mwa Agosti 2019, programu ya Kichina iitwayo Zao, iliyokuwa inabandika sura za watu kwenye vipande vya filamu, ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya programu za iPhone huko China ndani ya siku chache. Watu wakasoma masharti yake wakakuta wameipa haki ya bure, isiyoondolewa, ya kudumu, na inayoweza kuhamishwa. Hasira ilikuwa kubwa, WeChat ikazuia viungo vyake, na kampuni ikarekebisha masharti siku zile zile. Waliopakia saa za mwanzo walikuwa wameshabonyeza kukubali maandishi ya zamani.

Aya nzuri husema ruhusa ni kwa ajili ya kukupa huduma tu, na inakoma unapofuta. Tafuta maneno `solely` na `to provide the service` karibu na `licen`. Ukiyakuta, kamba ni fupi.

Onyo moja: neno `improve` likiwa ndani ya aya hiyo hiyo linairefusha tena kamba, hata kama `solely` lipo. "Kwa ajili ya kutoa na kuboresha huduma tu" si "tu" ya kweli.

Umefanikiwa kama: unaweza kumwambia mwenzako kwa sentensi moja, kwa Kiswahili, umewapa nini na kitakoma lini.

## Hatua ya 4: Soma wanavyokubebesha mzigo wa picha ya mwenzako

Bado uko kwenye masharti. Tafuta `warrant` na `consent`. Karibu kila huduma ina kifungu kinachosema kwamba wewe, kwa kupakia, unathibitisha kuwa una ridhaa ya kila mtu aliye kwenye picha. Yaani mama mdogo akija na malalamiko, kampuni itaonyesha kidole kwa aliyepakia. Kwa kisa chetu alikuwa katibu wa kamati, binti wa watu, ambaye hata hakujua kifungu hicho kipo.

Hili halibaki kwenye karatasi ya kampuni tu. Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu vipimo vya mwili, uso ukiwemo, kuwa taarifa nyeti. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Hizo zilikuwa picha za kawaida, hazikubandikwa popote. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti.

Picha za watoto mimi sizipakii kwenye huduma hizi, hata masharti yakiwa safi. Mtoto wa miaka minne hawezi kuridhia, na vipimo vyake vitamkuta akiwa mkubwa bila yeye kukumbuka nani alivitoa.

Kwa watu wazima, uliza kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha: picha ipi, huduma ipi, matokeo yataonwa na nani. Akisema "mh, sijui," hiyo ni hapana.

## Hatua ya 5: Jaribu kiungo

Masharti ni maneno, na hatua hii inakuonyesha kinachotendeka kweli. Haihitaji utaalamu.

Pakia Mona Lisa. Matokeo yakitokea, gusa picha kwa muda mrefu (kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya) na uchague kufungua picha kwenye ukurasa mpya. Nakili anwani inayoonekana juu. Sasa fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwenye akaunti yoyote, na ubandike anwani hiyo.

Picha ikifunguka, maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye anwani hiyo anaiona, bila nywila. Huduma nyingi ziko hivyo, zikitegemea kwamba anwani ni ndefu na hakuna atakayeibahatisha. Lakini anwani hukaa kwenye historia ya kivinjari, na husambaa mtu akiinakili kwenye kundi.

Tazama mkia wa anwani. Ukiona kitu kama hiki,

```
...&X-Amz-Expires=3600&...
```

kiungo kimewekewa muda. Namba ni sekunde, kwa hiyo 3600 ni saa moja. Hiyo ni dalili nzuri. Bandika tena baada ya saa moja na ushee. Ikileta ujumbe wa `AccessDenied`, muda umefanya kazi. Lakini usivuke mpaka hapo: mlango uliofungwa hausemi kama chumba ni kitupu. Faili linaweza kuwa bado lipo, ila kiungo kile kimekufa.

Kama mkia hauna muda, andika tarehe na saa, kisha rudi baada ya muda walioahidi kupita. Tumia dirisha jipya la faragha kila mara, kwa sababu kivinjari hutunza nakala na kinaweza kukuonyesha picha ambayo kwenye seva haipo tena. `404`, yaani faili halipatikani, ndilo jibu unalolitaka. Picha ikifunguka baada ya muda wa ahadi, huduma hiyo imejieleza yenyewe.

Kiungo cha picha ya mama mdogo nilikijaribu siku ya 10, nimekaa jikoni kwake, chai inapoa. Kilifunguka papo hapo. Aliiangalia ile picha kwenye simu yangu, akavuta kanga kufunika mabega yake mwenyewe.

## Hatua ya 6: Kama umeamua kupakia, punguza unachobeba

Kata picha ibaki uso tu. Ukuta, sare, namba ya gari na watu wengine havihitajiki kwa kazi hii.

Kisha ondoa maelezo yaliyofichwa. Simu nyingi, kama umeruhusu kamera kutumia mahali ulipo, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa kwa usahihi wa kuonyesha nyumba. Njia rahisi kuliko zote ni kuifungua picha, kuikuza, kisha kuipiga picha ya skrini na kupakia hiyo. Picha ya skrini haibebi mahali ilipopigwa ile ya awali. Kwenye kompyuta yenye ExifTool, programu ya kusoma na kufuta maelezo hayo, amri ni hii:

```
exiftool -all= uso.jpg
```

Amri hiyo huacha nakala ya zamani pembeni kwa jina `uso.jpg_original`, ikiwa na maelezo yake yote. Nimeona watu wakipakia hiyo kwa bahati mbaya. Hakikisha unachagua `uso.jpg`.

Programu ikiomba ruhusa ya kuona picha zako, usiipe albamu nzima. Simu mpya za iPhone na Android zina chaguo la kutoa picha ulizochagua tu; chagua moja. Usiingie kwa akaunti yako ya Google au Facebook pia, kwani hapo unaufunga uso wako na jina lako kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo sababu nilikutajia baruapepe ya pembeni.

Kuhusu ile sehemu ya `Data safety` kwenye duka la Google: isome, lakini ujue hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Ikipingana na sera ya faragha, na hutokea, amini ile iliyo mbaya zaidi.

## Hatua ya 7: Picha ikishapanda, dai ifutwe

Kama kuna akaunti, futa matokeo kwanza, kisha picha, kisha akaunti. Mpangilio huu una maana: ukianza na akaunti unaweza kupoteza njia ya kufikia vitu vingine vilivyobaki. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti chochote upande wao.

Halafu andika baruapepe kwa anwani uliyoipata hatua ya 1, kichwa kiwe `Data deletion request`. Taja vitu vyote kwa majina yao: picha ya asili, vipimo vya sura, matokeo, nakala za akiba, na nakala walizowapa wengine. Weka kiungo na tarehe ya kupakia. Omba wakujibu kwa kila kimoja, kimefutwa lini. Usiwatumie picha ya kitambulisho kama uthibitisho, utakuwa umewaongezea. Kiungo chenyewe kinatosha kuonyesha picha ipi unaiongelea.

Aliyeko Ulaya analindwa na sheria inayowataka kujibu ndani ya mwezi mmoja. Tanzania malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya kwa Ofisi ya Kamishna. Sheria ya Kenya inawagusa hata walio nje wanaochakata taarifa za watu walioko Kenya, ila kumfikia mtu asiye na ofisi wala mali nchini ni kazi ngumu kwa mdhibiti yeyote. Ndiyo maana ile nchi uliyoiandika hatua ya 1 ina uzito.

Hakuna ombi litakalofikia nakala zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu za watu. Kwa hizo, mama mdogo alimtuma mjomba kwenye kundi la kamati, na mjomba hakuandika barua.

Kwa kampuni niliandika siku ya 11. Siku ya 19 walijibu kwa mistari mitatu: picha iliyopakiwa ilifutwa kitambo, na kazi iliyotengenezwa imeondolewa leo. Siku ya 20 nikafungua dirisha la faragha, nikabandika kiungo, ikaja `404`. Vipimo vya sura hawakuvigusia. Nimewaandikia tena, safari hii kwa swali moja tu.